Mkopo wa asilimia 15 unaogharimu 18

Tuseme mwenye mashine ya kusaga nafaka anatafuta shilingi milioni 10 za kununua mashine ya pili, na amepata wakopeshaji wawili. Wa kwanza anataka riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Masharti yake ni mepesi kuyaeleza: kila mwisho wa mwaka mkopaji analipa riba peke yake, na milioni 10 zenyewe anazirudisha kwa mkupuo mmoja mwaka wa tano utakapokwisha. Wa pili anataka asilimia 17, ila kila mwaka mkopaji analeta rejesho moja ambalo ndani yake mna riba na sehemu ya deni, na riba ya mwaka unaofuata inapigwa juu ya salio lililobaki tu.

Watu wengi watachagua asilimia 15 bila kuuliza swali la pili. Mwenye mashine akiwa mtu makini, anayetaka milioni 10 ziwe tayari siku ya siku badala ya kuanza kuzitafuta wakati huo, atajikuta anatoa pesa nyingi zaidi kila mwaka kwenye mkopo wa asilimia 15 kuliko ambazo angetoa kwenye ule wa 17. Hakuna ada iliyofichwa, wala hakuna aliyemdanganya. Gharama inatoka mahali ambapo yeye mwenyewe aliona anafanya busara, yaani kwenye akiba anayoiweka ili alipe deni.

Akiba ya namna hiyo wahasibu huiita mfuko wa kulipia deni. Mkopaji anafungua akaunti ya pembeni, anaweka humo kiasi kilekile kila mwaka, na anaiacha izae riba hadi ifikie thamani ya deni lote. Mkopeshaji anaendelea kupokea riba yake kana kwamba hakuna kilichobadilika, kwa sababu kwa upande wake kweli hakuna kilichobadilika: bado anadai milioni 10 kamili. Siku ya mwisho mfuko unafunguliwa, deni linalipwa lote, na akaunti inabaki tupu.

Njia hii imezoeleka zaidi kwa wakopaji wakubwa, hasa serikali na makampuni yanayouza hatifungani, kwa kuwa mwenye hatifungani hulipwa riba tu mpaka tarehe ya kuiva. Kenya iliuza hatifungani zake za kwanza za kimataifa Juni 2014, na zile za miaka kumi zilifikia dola bilioni 2 kwa riba ya asilimia 6.875. Deni la msingi lilikuwa lilipwe lote kwa pamoja Juni 2024. Tarehe ilipokaribia, Februari 2024, serikali iliuza hatifungani nyingine za dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ikatumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya zile za zamani. Mfuko wa kulipia deni upo ili mkopaji asifike kwenye tarehe kubwa akiwa mikono mitupu. Ni sababu nzuri, na nitairudia. Kwanza tuone bei yake.

Turudi kwa mwenye mashine. Tuseme akaunti ya muda maalumu inampa asilimia 8 kwa mwaka. Asilimia 15 kwa mkopo na 8 kwa amana si takwimu za kubuni tu ili hesabu ipendeze. Ni viwango visivyo mbali na vile ambavyo wateja wa mabenki ya Tanzania wamekuwa wakikutana navyo miaka ya karibuni. Swali lake la kwanza ni hili: niweke kiasi gani kila mwaka ili mwisho wa mwaka wa tano nipate milioni 10?

Njia rahisi ya kulijibu ni kuanza na shilingi moja. Ukiweka shilingi moja kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitano, ile ya kwanza itakaa miaka minne ikizaa na itafikia shilingi 1.36. Ya pili itakaa miaka mitatu na kufikia 1.26, ya tatu itafikia 1.17, ya nne 1.08, na ya mwisho itawekwa siku ileile ya kulipa deni, kwa hiyo itabaki shilingi moja. Ukizijumlisha bila kukata desimali unapata 5.8666. Shilingi moja kwa mwaka inatoa 5.8666, basi ili upate milioni 10 unagawanya milioni 10 kwa 5.8666, na jibu ni shilingi 1,704,565.

Kiasi hicho ndicho anachoweka kwenye mfuko kila mwaka. Kwa mkopeshaji anapeleka riba ya shilingi 1,500,000. Jumla, kila mwaka zinamtoka shilingi 3,204,565.

Mfuko unakua hivi. Mwisho wa mwaka wa kwanza una shilingi 1,704,565. Mwaka wa pili zile za kwanza zinazaa asilimia 8, anaongeza nyingine kama zile, na salio linafika 3,545,495. Mwaka wa tatu linafika 5,533,700, mwaka wa nne 7,680,961, na mwaka wa tano milioni 10 zinatimia. Hesabu inafunga vizuri, na hapo ndipo wengi wanaporidhika.

Sasa tumwangalie mkopeshaji wa pili, yule wa asilimia 17 juu ya salio linalopungua. Rejesho lake la kila mwaka kwa mkopo huohuo wa milioni 10 na miaka mitano ileile ni shilingi 3,125,639. Ni pungufu kwa karibu shilingi 79,000 kila mwaka kuliko jumla ya riba na akiba kwenye mkopo wa asilimia 15. Yote mawili yanaisha siku moja, deni likiwa limekwisha kabisa. Aliyekubali riba kubwa zaidi kwenye karatasi ndiye anayetoa pesa kidogo.

Tuulize swali kwa namna nyingine: ni riba gani ya kawaida, inayopigwa juu ya salio linalopungua, ambayo ingemfanya alipe 3,204,565 kila mwaka? Ni asilimia 18.1. Hiyo ndiyo riba halisi ya mkopo wake wa asilimia 15 akiulipa kwa kutumia mfuko unaozaa asilimia 8.

Asilimia tatu hizo zimetoka wapi? Jibu linaonekana ukitazama mwaka wa tano peke yake. Mwaka huo unapoanza, mfuko tayari una shilingi 7,680,961. Pesa hizo ni za mwenye mashine, na kila shilingi yake imekwisha kupangiwa kulipa deni. Lakini kwa kuwa mkopeshaji hajazipokea, anaendelea kutoza asilimia 15 juu yake, ambayo ni shilingi 1,152,144. Benki yenye akaunti inamlipa asilimia 8 juu ya pesa zilezile, yaani shilingi 614,477. Tofauti, shilingi 537,667, inapotea ndani ya mwaka mmoja. Anafanana na mtu aliyepanga kwa mwenzake chumba kizima kwa bei ya juu, kisha akapangisha nafasi isiyotumika kwa nusu ya bei: kadiri nafasi isiyotumika inavyopanuka, ndivyo hasara yake inavyokua.

Kwa sababu hiyo gharama haisambai sawasawa kwenye miaka yote. Mwaka wa kwanza mfuko bado haujaanza kuwa na kitu, kwa hiyo analipa asilimia 15 kweli. Mwaka wa pili ukitoa kilichomo mfukoni, deni lake halisi ni shilingi 8,295,435, na ukitoa riba aliyoingiza, riba halisi inayomtoka ni 1,363,635. Hiyo ni asilimia 16.4 ya deni halisi. Mwaka wa tatu inakuwa asilimia 18.8, na wa nne 23.7. Mwaka wa tano deni halisi limebaki shilingi 2,319,039 tu, lakini riba halisi inayomtoka ni 885,523. Hiyo ni zaidi ya asilimia 38 ya deni alilobakiwa nalo. Nadhani ni watu wachache sana wanaoweza kusaini mkataba wa asilimia 38 wakijua, lakini kwenye mwaka wa mwisho wa mfuko kama huu wanaulipa bila kuona tarakimu hiyo imeandikwa popote.

Ukitaka kukadiria bila kalamu, iko kanuni ya zamani wanayoitumia wahesabu wa bima na mikopo. Chukua pengo kati ya riba ya mkopo na riba ya mfuko, ligawanye kwa mbili, kisha nusu hiyo uijumlishe kwenye riba ya mkopo. Hapa pengo ni 7, nusu yake ni 3.5, na jibu ni asilimia 18.5. Jibu sahihi ni 18.1, kwa hiyo kanuni imezidisha kidogo, lakini kwa mtu aliyesimama mbele ya dirisha la afisa mikopo inatosha kabisa. Mantiki yake ni kwamba mfuko unaanza bila kitu na kuishia na deni lote, hivyo kwa wastani wa miaka yote nusu ya mkopo inakuwa imelala kwenye akaunti ikizaa kidogo. Miaka ikiwa mingi sana kanuni hii hupotoka, na hapo ni lazima kupiga hesabu yenyewe.

Hesabu yenyewe si ngumu kwa mwenye Excel kwenye simu au kompyuta. Mstari wa kwanza hapa chini unatoa kiasi cha kuweka kila mwaka, na wa pili unatoa riba halisi:

```
=PMT(8%,5,0,-10000000)
=RATE(5,-3204565,10000000)
```

Ukiwa unalipa kila mwezi, gawa riba ya mwaka kwa 12 na weka idadi ya miezi badala ya miaka. Jibu la mstari wa pili litakuwa riba ya mwezi. Lizidishe kwa 12 ndipo ulilinganishe na riba ya mwaka.

Kuna jambo ambalo kanuni hii inalifichua, na mimi naliona kuwa na maana kwa watu wengi kuliko hatifungani zote za serikali. Jaribu kudhani mfuko hauzai chochote, riba yake ni sifuri. Mwenye mashine angeweka milioni 2 kila mwaka na kulipa riba ya 1,500,000, jumla 3,500,000. Sasa tazama mkopo mdogo wa kawaida ambao mkopeshaji anakwambia: umechukua milioni 10, riba asilimia 15 kwa mwaka kwa miaka mitano, jumla ya riba ni milioni 7.5, tunagawanya yote kwa mitano, utaleta 3,500,000 kila mwaka. Ni tarakimu ileile. Mkopo ambao riba yake inapigwa juu ya kiasi cha mwanzo hadi siku ya mwisho, ingawa unapunguza deni kila unapolipa, ni mfuko wa kulipia deni unaozaa sifuri. Tena kwa ubaya zaidi, kwa sababu akiba yenyewe haiko mikononi mwako. Amekwisha kuichukua mkopeshaji na anaitumia. Riba halisi ya mkopo huo ni asilimia 22.1. Anayekopa kwa masharti hayo alinganishe tarakimu hiyo, siyo 15, na matangazo ya mabenki.

Upande wa pili wa mizani uko kinyume. Mfuko ukizaa asilimia 15 sawasawa na mkopo, kiasi cha kuweka kila mwaka kinashuka hadi shilingi 1,483,156, na ukijumlisha riba ya 1,500,000 unapata 2,983,156. Hilo ndilo rejesho hasa la mkopo wa kawaida wa asilimia 15 unaopungua. Kwa hiyo mfuko wenyewe hauna dhambi. Shida yote iko kwenye pengo.

Kwa nini basi pengo liwepo karibu kila mara? Kwa sababu benki inaishi humohumo. Inachukua amana kwa bei ya chini na kukopesha kwa bei ya juu, na kwenye tofauti hiyo inalipa mishahara, kodi ya jengo na hasara ya wakopaji walioshindwa kulipa. Mtu wa kawaida anayetaka kuweka pesa mahali salama na pa kuaminika hawezi kutarajia kupata riba ileile anayotozwa anapokopa. Akiambiwa kuna mahali akiba yake itazaa asilimia 20 wakati mkopo wake ni wa 15, aulize kwanza hatari iko wapi. Pesa zilizotengwa kwa deni lenye tarehe hazifai kuwekwa kwenye biashara ambayo huenda ikaanguka mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo.

Wapo waliowahi kujaribu kulikana pengo hili kwa kiwango cha taifa zima. Nchini Uingereza katika karne ya 18, mchungaji na mwanahisabati Richard Price alivutiwa mno na jinsi riba inavyozaa riba. Alipiga hesabu ya senti moja iliyowekwa kwa asilimia 5 tangu kuzaliwa kwa Yesu, akaonyesha kuwa ingekuwa imefikia thamani ya dunia nyingi za dhahabu tupu. Hesabu ilikuwa sahihi. Mwaka 1786 Waziri Mkuu William Pitt alianzisha mfuko wa kulipia deni la taifa, ukipewa pauni milioni 1 kila mwaka. Makamishna wa mfuko walinunua hatifungani za serikali sokoni lakini hawakuzifuta. Waliendelea kuzishika na kupokea riba yake ili wanunue nyingine zaidi.

Wakati serikali ilipokuwa na ziada ya mapato, mpango ulikuwa na maana. Lakini vita na Ufaransa vilianza mwaka 1793, matumizi yakazidi mapato, na serikali ikaanza kukopa upya kila mwaka huku bado ikitia pesa kwenye mfuko. Yaani ilikopa ili ilishe mfuko wa kulipia mikopo. Deni jipya liliuzwa kwa bei ya chini, kwa sababu wakati wa vita wanunuzi hudai faida kubwa, na deni la zamani lilinunuliwa kwa pesa hizohizo. Mwaka 1813 Robert Hamilton, profesa wa Aberdeen, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwa utaratibu kwamba hakuna ujanja wa mfuko unaoweza kupunguza deni. Kinachopunguza deni ni mapato kuzidi matumizi, basi. Mfuko wa Pitt ulivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1820.

Kosa hilohilo linafanywa leo kwa vipimo vidogo. Mtu ana mkopo wa benki, na kila mwezi anaweka akiba ya kuulipa. Mwezi wa biashara mbaya anakopa kwenye simu ili asikose kuweka ile akiba. Mkopo wa simu una bei ya juu kuliko mkopo wenyewe, na akiba ina bei ya chini kuliko yote miwili. Mfuko unalishwa kwa pesa halisi iliyobaki baada ya matumizi. Usipokuwa na ziada mwezi huo, ni nafuu kuuacha mfuko upungue kuliko kuukopea.

Mfuko unaozaa kidogo una udhaifu mwingine ambao hesabu ya mwanzo haiuonyeshi: umejengwa juu ya ahadi ya asilimia 8 kwa miaka mitano mfululizo, wakati akaunti nyingi za muda maalumu hufungwa kwa mwaka mmoja mmoja na kila zinapofunguliwa upya riba hubadilika. Halafu kuna kodi. Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba ya amana za benki za mkazi, na Kenya hukata asilimia 15. Asilimia 8 ya tangazo inakuwa asilimia 7.2 mkononi mwa Mtanzania. Mwenye mashine akisahau hilo na kuendelea kuweka 1,704,565, siku ya mwisho atakuta shilingi 9,841,700. Amepungukiwa shilingi 158,300. Riba ikishuka hadi asilimia 5 baada ya kodi kwa miaka yote, upungufu unafika shilingi 581,205. Pesa hizo zitamkuta siku ambayo mkopeshaji hataki maelezo.

Dawa yake ni kupima mfuko kila mwaka, wala hakuna siri yoyote. Andika tangu mwanzo salio linalotakiwa kila mwisho wa mwaka: 1,704,565, kisha 3,545,495, na kuendelea. Likipungua, upungufu huo ufidiwe mwaka uleule. Kuusogeza hadi mwaka wa tano ni kuubebesha mwaka mmoja kazi ya miaka minne. Na tarehe ya kuiva kwa akaunti ya mwisho iwe kabla ya tarehe ya deni, hata kama ni kwa wiki mbili tu, kwa kuwa akaunti ya muda maalumu ikivunjwa mapema mara nyingi riba yake hupunguzwa au hupotea.

Je, kuna wakati ambapo ni busara kuutumia mfuko ukijua kabisa kwamba unapoteza? Upo. Mkopeshaji akikataa kupokea sehemu ya deni kabla ya muda, chaguo lililobaki ni kuweka akiba inayozaa kidogo au kutoweka kabisa na kusubiri tarehe kwa matumaini. Kati ya hayo mawili, akiba ya asilimia 8 inashinda. Serikali yenye hatifungani ya kimataifa iko kwenye hali hiyohiyo. Asilimia inazopoteza kwenye mfuko ni kama malipo ya bima dhidi ya siku ambayo soko litakuwa limefunga mlango, au litakuwa wazi kwa bei kubwa kama ile ambayo Kenya iliikuta mwaka 2024.

Sababu ya pili ni kwamba pesa iliyoko kwenye akaunti yako bado ni yako. Mashine ikiharibika mwaka wa tatu, mwenye mashine ana shilingi milioni 5.5 anazoweza kuzigusa. Aliyezipeleka kwa mkopeshaji hana kitu cha kugusa, itambidi akope upya, na huenda asipate. Uhuru huo una thamani, ila ununuliwe kwa kujua bei yake. Kwenye mfano huu bei ni shilingi 221,409 kila mwaka, yaani tofauti kati ya 3,204,565 anazotoa na 2,983,156 ambazo angetoa kama mkopo wa asilimia 15 ungekuwa wa kupungua. Na uhuru huo haupo iwapo mkopeshaji ameweka sharti kwamba akaunti ya mfuko ifunguliwe kwake na isiguswe. Hapo mkopaji anabeba hasara yote ya pengo, na faida yake ameibeba mwingine.

Mara nyingi, hata hivyo, mkopeshaji hakatai kabisa. Hajaulizwa. Tuone kuna nini ndani ya swali hilo. Kama mkopeshaji wa asilimia 15 angekubali kupokea shilingi zilezile 3,204,565 kila mwaka na kupunguza deni palepale, salio lingeshuka hadi 8,295,435 mwaka wa kwanza, 6,335,185 wa pili, 4,080,898 wa tatu na 1,488,468 wa nne. Rejesho la mwaka wa tano lingekuwa shilingi 1,711,738 tu, na karibu milioni moja na nusu zingebaki mfukoni mwa mwenye mashine. Ni mkopo uleule, kwa riba ileile, na jasho lilelile. Kilichobadilika ni sentensi moja kwenye mkataba.

Wakopeshaji wengine watadai ada ya kulipa mapema. Ada hiyo isikutishe kabla hujailinganisha na pengo. Ikiwa ni asilimia 2 ya kiasi unachopeleka, inakatwa mara moja, wakati pengo la asilimia 7 linakukata kila mwaka uliobaki. Hata ukiwa umebakiwa na mwaka mmoja tu, kulipa asilimia 2 ili kuepuka 7 ni biashara nzuri. Ada ikikaribia asilimia 7 na mwaka uliobaki ni mmoja, acha pesa zikae kwenye akaunti.

Kwa hiyo kabla hujaweka saini kwenye mkopo wa kulipa riba tu, muulize afisa mikopo swali hili na umwombe jibu liandikwe: nikileta sehemu ya deni kabla ya muda, riba yangu itapungua kuanzia tarehe hiyo? Akisema ndiyo, mfuko huuhitaji, peleka pesa. Akisema hapana, ongeza nusu ya pengo kwenye riba aliyokutajia, kisha nenda kawaulize wengine.